Binti mtulivu na barakoa yake: maswali kuhusu wasichana wenye ADHD ya kukosa umakini na wenye usonji

Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, na haya ndo maswali ambayo wazazi na walimu wenzangu wananiuliza kila muhula. Nimeyajibu kwa urefu pale panapohitaji, kwingine nimepita haraka.

Binti yangu hasumbui darasani, ana nidhamu, atakuwaje na ADHD?

ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutuliza umakini au mwili, ina sura zaidi ya moja. Ile ambayo watu wengi wanaijua ni ya mtoto wa kurukaruka, hakai kitini, anajibu kabla hajaulizwa. Ila kuna nyingine ambayo mwili umetulia kabisa, tatizo liko kwenye umakini tu, mtoto yuko dawati la katikati anamwangalia mwalimu usoni na hajasikia hata sentensi moja tangu dakika ya tano. Hii ya pili ndo inayowapita walimu, kwa sababu haimsumbui mtu yeyote isipokuwa mtoto mwenyewe.

Mwongozo wa Kimarekani wa madaktari wa akili unaotumika sana, DSM toleo la tano la 2013, unaorodhesha dalili 9 za kukosa umakini: makosa ya kizembe, kushindwa kubaki kwenye kazi moja, kuonekana hasikilizi ukimsemesha, kuanza kitu asimalize, kushindwa kupanga vitu na muda, kukwepa kazi za kufikiri kwa muda mrefu, kupoteza vitu, kuvutwa na kila kinachopita na kusahau mambo ya kila siku. Mtoto anatakiwa awe na angalau 6 kwa miezi 6 au zaidi, kadhaa kati ya hizo ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zionekane sehemu zaidi ya moja na ziwe zinamharibia maisha kweli. Soma tena hiyo orodha uone, hakuna hata moja inayosema mtoto awe na fujo.

Kwa nini basi wasichana ndo wanapitwa zaidi?

Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Picha ya haya mambo ilichorwa kwa kuwaangalia wavulana. George Still, daktari wa London aliyeeleza watoto wa aina hii mwaka 1902, alikuwa na watoto 20 na kati yao wasichana walikuwa 5 tu. Daktari Leo Kanner alipoandika kuhusu usonji, yaani autism, mwaka 1943 alieleza watoto 11, wavulana 8, na Hans Asperger mwaka uliofuata aliwaeleza wavulana peke yao. Cha kuuma ni kwamba daktari wa Kisovieti, Grunya Sukhareva, alishaandika kuhusu wavulana wa namna hiyo miaka ya 1920 na mwaka 1927 akaandika kuhusu wasichana pia, lakini kazi yake ilikaa miaka mingi bila kusomwa. Kwa hiyo madodoso yaliyokuja baadaye yakauliza yale yaliyoonekana kwa wavulana: anapenda treni? anapigana? anapanga magari mstari?

Sababu ya pili ni sisi walimu na wazazi. Mwaka 2009 watafiti Ohan na Visser waliwapa wazazi na walimu maelezo ya watoto wenye dalili za ADHD, wengine wakasoma kwamba ni mvulana na wengine kwamba ni msichana, na waliosoma kuhusu msichana hawakuwa wepesi kumtafutia msaada. Na ukweli ni kwamba mwalimu mwenye darasa la watoto 70 anampeleka ofisini yule anayemvurugia kipindi. Yule anayeota ndoto mchana kimyakimya anaandikiwa kwenye ripoti "ongeza bidii" basi, miaka saba.

Kwenye usonji kuna utafiti wa Uingereza wa 2012 uliowaangalia mapacha, ukaona kwamba wasichana waliofika kupata jibu la kitabibu wengi walikuwa na shida nyingine juu yake, ya uelewa au ya tabia, wakati mvulana alipata jibu hata bila hizo. Yaani msichana anatakiwa aumie zaidi ndo aonekane. Kwa muda mrefu imesemwa kuna wavulana 4 wenye usonji kwa kila msichana 1, na uchambuzi mkubwa wa 2017 ulipojumuisha tafiti zilizoenda kuwatafuta watoto kwenye jamii badala ya kuwasubiri hospitali, uwiano ukasogea kwenye 3 kwa 1. Hao wasichana walikuwepo muda wote.

Hiyo barakoa ni nini hasa?

Ni kazi anayofanya mtoto ya kuonekana kama wengine, na ni kazi kweli, inachosha. Watafiti waliotengeneza dodoso la CAT-Q mwaka 2018 waliigawa sehemu tatu na mimi naona mgawanyo huo unasaidia sana kumwelewa mtoto. Kuna kufidia, mfano anakariri maneno ya kuanzisha mazungumzo, anaiga cheko la msichana fulani anayependwa, anajifunza kutoka kwenye tamthilia watu wakikasirika wanafanya sura gani. Kuna kuficha, anabana mikono isipepee, anajilazimisha kumwangalia mtu machoni, anahesabu sekunde halafu anaangalia pembeni. Na kuna kujichanganya kwa nguvu, anaenda pale wenzake walipo hata kama mwili mzima unataka kukimbia.

Binti wa ADHD naye ana barakoa yake, inafanana kidogo tu. Anakagua begi mara tano, anawahi shule saa moja kabla ya wakati kwa sababu anaogopa kuchelewa, anatikisa kichwa kama anaelewa halafu anamuuliza jirani "amesema ukurasa wa ngapi?", anakesha kuandika upya daftari lililochafuka. Kwa nje anaonekana mtoto makini kupita wote!

Wavulana pia wanajificha, tusiseme hawafanyi. Lakini binti wa kwetu anaanza kufundishwa akiwa mdogo sana: kaa vizuri, salimia wakubwa, tabasamu, usimjibu shangazi hivyo, saidia jikoni. Mvulana asiposalimia wageni watu wanasema "huyo yuko hivyo", binti asiposalimia mama yake analaumiwa mpaka kwenye vikao vya ukoo. Kwa hiyo barakoa yake inashonwa mapema na inashonwa imara, tena na watu wanaompenda.

Lakini ana marafiki, mtoto mwenye usonji si anakaa peke yake?

Hapa ndo walimu wengi tunapotelezea. Kuna utafiti wa Marekani wa 2017, wa Dean na wenzake, waliokwenda kuangalia watoto wa shule za msingi wakati wa mapumziko. Wavulana wenye usonji walionekana mara moja, wenzao wako kwenye mpira na wao wako pembeni peke yao. Wasichana wenye usonji walikuwa karibu na wasichana wenzao, wanaingia kwenye kundi, wanatoka, wanaingia jingine, wanatoka. Mwalimu akitupa jicho uwanjani anaona kundi la wasichana na binti yupo, basi. Ukikaa dakika kumi na tano ukamfuata yeye tu kwa macho ndo unaona hachezi na mtu, anazunguka.

Kwa hiyo usiulize "ana marafiki?" maana jibu litakuwa ndiyo. Uliza: rafiki yako asipokuja shule, mapumziko unakaa wapi? Nani huwa anaamua mchezo? Mkigombana, nani anaenda kumaliza? Mara nyingi utakuta ana rafiki mmoja tu, amemng'ang'ania, anaongea kama yeye, na siku rafiki huyo akihamishiwa mkondo mwingine kila kitu kinaanguka, watu wazima wanasema "ni utoto tu, atapata mwingine".

Hata vitu anavyovipenda sana vinatupita. Mvulana anayejua kila aina ya lori anaonekana wa ajabu, binti anayejua kila kitu kuhusu mwanamuziki mmoja au anayechora farasi tu miaka miwili anaonekana binti wa kawaida. Angalia ukali wa kupenda kwenyewe, na nini kinatokea ukimkatisha.

Kwa nini shuleni malaika, nyumbani analipuka?

Kwa sababu nyumbani ndo sehemu pekee salama ya kuvua. Amebana kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi, kelele, kola ya sare inayomkwaruza, harufu ya maharage jikoni, kuangalia nyuso za watu 70. Akifika mlangoni anatupa begi, mdogo wake akigusa kalamu yake ni kilio cha dakika arobaini, au hasemi kabisa, analala na sare. Mama anaenda shule kuuliza, mwalimu anasema "huku hana shida mama, labda nyumbani mnamdekeza". Nimeshaona akina mama wanatoka ofisini na machozi kwa sentensi hiyo. Tofauti hiyo ya shule na nyumbani yenyewe ni taarifa muhimu, iandike usiitupe.

Tupe mfano mmoja kamili tuone inavyokwenda.

Huu nimeuunganisha kutoka kwa mabinti kadhaa niliowafundisha, ili asitambulike mtoto wa mtu.

Binti yuko shule ya msingi ya kutwa, huwa ndani ya kumi bora. Ripoti zote: mtulivu, ana heshima, aongeze umakini. Ukifungua daftari lake la sayansi mistari aliyonakili ubaoni inakatika katikati, nusu sentensi halafu sentensi inayofuata, kwa sababu alipoinua macho alipoteza alipokuwa. Kwenye mtihani ukurasa wa kwanza umejibiwa vizuri sana, wa mwisho mweupe. Sweta tatu zimepotea mwaka mmoja. Nyumbani kazi ya nusu saa inachukua masaa mawili, na inaisha kwa sababu mama anakaa naye mezani, anamsomea swali, anamrudisha akitoka, anampangia begi usiku. Mama haoni kwamba anafanya kitu cha pekee, kwake huo ndo uzazi. Lakini zile kumi bora zilikuwa za watu wawili.

Anaenda kidato cha kwanza bweni. Mama hayupo. Masomo yameongezeka, kila mwalimu na utaratibu wake, prepo ya usiku, kengele, foleni ya bafu alfajiri, na hakuna dakika hata moja ya kuvua barakoa maana hata kulala ni kwenye chumba cha watu ishirini. Hapo ndo napata hofu zaidi na mabinti hawa, bweni linaondoa nguzo zote kwa siku moja. Muhula wa kwanza anashuka mpaka mkiani. Anaumwa tumbo kila Jumapili jioni, anapelekwa zahanati, anapimwa malaria na typhoid, anapewa dawa, tumbo linarudi. Anaanza kwenda kukaa chooni wakati wa chakula. Matroni anasema anajitenga, anaringa.

Anapelekwa hospitali, anaambiwa ni wasiwasi na sonona. Si uongo, ni kweli anao wasiwasi. Ila hakuna aliyeuliza wasiwasi umetoka wapi, na ushauri nasaha aliopewa ulimfundisha kupumua taratibu halafu akarudishwa kwenye bweni lilelile.

Kilichobadilisha ni mama kuulizwa kuhusu utotoni. Akiwa na miaka minne alikuwa anakula vyakula vitano tu na visigusane kwenye sahani. Alikuwa anarudia sentensi za katuni neno kwa neno. Shule ya awali alimchagua mtoto mmoja akawa anamfuata kama kivuli. Hakuwahi kukumbuka kupeleka ujumbe wa vitu viwili jirani, alifika na kimoja. Yote haya yalikuwepo kabla ya miaka 12, wasiwasi ulikuja juu yake baadaye. Jibu la mwisho lilikuwa usonji na ADHD kwa pamoja, na hapo inafaa kujua kwamba kabla ya 2013 ule mwongozo wa DSM haukuruhusu mtu mmoja kupewa yote mawili, kwa hiyo kuna wataalamu waliofundishwa zamani ambao mpaka leo wakishapata moja wanaacha kutafuta.

Alihamishiwa shule ya kutwa. Anapewa maelekezo kwa maandishi, anakaa mbele mbali na dirisha, mapumziko anaruhusiwa kukaa maktaba. Hajarudi kumi bora. Maumivu ya tumbo yameisha.

Daktari alimwona akasema hana kitu, tufanyeje?

Fikiria mazingira ya pale: chumba kimya, mtu mzima mmoja mpole, maswali ya zamu kwa zamu, kitu kipya, dakika 45. Hayo ndo mazingira rahisi kuliko yote kwa binti wa namna hii, ADHD inatulia kwenye upya na barakoa ya usonji inafanya kazi vizuri zaidi na mtu mzima mmoja. Halafu dodoso la shule limejazwa na mwalimu aliyemjua miezi miwili.

Nenda tena na vitu mkononi. Peleka ripoti za miaka yote, madaftari mawili au matatu (hasa yale ya katikati ya mwaka), na ukurasa mmoja ulioandika mwenyewe wa wiki mbili: tarehe, nini kilitokea kabla, alifanya nini, ilichukua muda gani kutulia. Andika pia msaada wote unaompa, kila siku, hata ule unaoona ni wa kawaida. Na waambie wazi "anajificha", hiyo siyo lugha ya mtandaoni tu, DSM-5 yenyewe inasema dalili za usonji zinaweza zisionekane mpaka mahitaji ya kijamii yazidi uwezo wa mtoto, au zikafichwa na mbinu alizojifunza.

Kenya unaweza kuanzia kwenye vituo vya EARC vya tathmini ya elimu, Tanzania anzia idara ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa, Dar kuna Muhimbili.

Je, kila binti mkimya anayeota mchana ana ADHD au usonji?

Hapana, na hapa naomba tusikimbilie. Kwanza masikio na macho yapimwe, nimeona mtoto "asiye makini" ambaye alikuwa hasikii sikio moja. Usingizi uangaliwe, na upungufu wa damu, hasa akishaanza hedhi. Kuna pia aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki, anazubaa tu sekunde chache, macho yanaganda, halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea. Mtoto anayeota mchana ukimgusa bega anashtuka na kurudi, mwenye kifafa hiki hata ukimgusa haitiki mpaka iishe yenyewe. Ukiona hivyo mrekodi kwa simu umpeleke hospitali.

Na kuna jambo zito zaidi. Binti aliyebadilika ghafla, alikuwa sawa halafu ndani ya miezi akawa mkimya, anasahau, hataki kuguswa, usifikirie ADHD kwanza. Fikiria kwamba kuna mtu anamuumiza. ADHD na usonji havianzi ghafla darasa la sita, mizizi yake huwa iko utotoni.

Barakoa inamsaidia kupata marafiki na kazi, kuna ubaya gani?

Inamsaidia, sikatai, na wengine hawana uchaguzi. Ila ina bei. Tafiti za watu wazima wenye usonji zimeonyesha wanaojificha zaidi wana mawazo ya kujiua zaidi. Kwenye ADHD, timu ya Stephen Hinshaw ya chuo cha Berkeley iliwafuatilia wasichana 140 wenye ADHD na 88 wasio nayo tangu utotoni, na walipofika utu uzima wale wenye ADHD walikuwa wamejiumiza na kujaribu kujiua kwa kiwango cha juu zaidi, hasa wale waliokuwa na kukurupuka pia. Binti akikuambia amechoka kuwepo, hilo ni la leo, usisubiri miadi ya tathmini.

Kuna na hatari ambayo wazazi hawaifikirii. Mtoto aliyefundishwa miaka kumi kwamba hisia zake ni makosa na watu wengine ndo wanajua sahihi, anashindwa kusema hapana kwa mtu mwenye nia mbaya. Mabinti waliogunduliwa wakiwa watu wazima wameeleza hili mara nyingi sana.

Nyumbani tuanze na nini wakati tunasubiri?

Akitoka shule mpe muda kama saa moja bila maswali, bila kazi, bila wageni. Chakula, nguo laini, chumba au kona yake. Usimlazimishe kukuangalia machoni ndo ujue anasikiliza. Ujumbe mmoja kwa wakati, au andika. Usimuulize "siku ilikuwaje", muulize kitu kidogo, "leo nani alikaa pembeni yako?"

Dawa za ADHD zipo na zinasaidia wengi, lakini ni za kuandikiwa na daktari. Usonji wenyewe hauna dawa, anayekuuzia ya kuuondoa anakudanganya.

Nimesoma yote haya na naona ni mimi, mama mtu mzima. Inawezekana?

Inawezekana kabisa, haya mambo yanaenda kwenye familia na akina mama wengi wanajitambua wakiwa wanamjazia binti dodoso. Kwa mtu wa miaka 17 na kuendelea dalili za kukosa umakini zinazohitajika ni 5 badala ya 6, ila bado lazima kadhaa ziwe zilikuwepo kabla ya miaka 12. Kwa hiyo tafuta ripoti zako za shule ya msingi kama zipo, na kama mama yako au dada yako mkubwa yupo kaa naye umuulize ulikuwaje ukiwa na miaka sita au saba, andika majibu yao kwa maneno yao. Lile dodoso la CAT-Q lina maswali 25 na lilitengenezwa kwa watu wazima, unaweza kulijaza ila halikupi jibu la ugonjwa, linaonyesha tu unajificha kiasi gani. Peleka hayo yote kwa daktari wa akili, na mwambie pia binti yako anafanyiwa tathmini, hilo nalo ataliandika.